UZI: Mradi wa Elimu kwa Michezo wa muhula mmoja, nitajuaje kama wanafunzi wameimarika kweli?

Tausi_Dom · 3 Julai

Habari za leo wakuu. Nasomea ualimu, somo langu ni Elimu kwa Michezo, na muhula huu nipo katika shule moja ya kutwa hapa Dodoma. Natakiwa kufanya mradi wa kupima kama wanafunzi wanaimarika kimwili kuanzia sasa hadi Novemba, kwa vipimo rahisi. Mada yangu ya kwanza ilikuwa "Mchango wa mazoezi katika afya ya wanafunzi wa sekondari". Msimamizi aliirudisha na neno moja tu: pana. Nikapeleka "Athari za mazoezi kwa kasi, nguvu, wepesi na pumzi". Ikarudi na neno lile lile.

Nilichonacho ni filimbi, simu yenye saa ya kupimia, tepu ya fundi ya mita 30 na kiwanja cha vumbi. Kuna mikondo miwili ya Kidato cha Tatu, A ina wanafunzi 38 na B ina 36. Kila mkondo una vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki. Mipira ipo mitatu, mmoja umechoka. Naombeni mada inayofanyika katika hali hii, na zaidi naomba kujua nipime nini na nipimeje.

Kasi_Mpya · 3 Julai

Dada, usijisumbue. Chukua kipimo cha Cooper. Wanakimbia dakika 12, unaandika umbali wa kila mmoja. Fanya Julai, rudia Novemba, toa ya kwanza kwenye ya pili, umemaliza. Ukitaka kazi ipendeze, ingiza umbali kwenye fomula upate kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia:

```
VO2max = (mita - 504.9) / 44.73
```

Mkondo wa pili hauuhitaji. Kila mwanafunzi unamlinganisha na yeye mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo chuoni na nikapita vizuri.

Baba Neema · 3 Julai

Nimeona uzi wa mazoezi nikaona niulize hapa hapa. Nina miaka 46, nakaa ofisini siku nzima, tumbo limekuja. Nikianza kukimbia kila asubuhi kwa muhula mmoja litaondoka? Na nipime nini, kilo au kiuno?

Mwl_Kipenga · 4 Julai

Tausi, nimefundisha somo hili Tanga kwa miaka mingi na nimesimamia miradi ya namna hii. Nianze na msimamizi wako: yuko sahihi. Mada nzuri ina zoezi moja, uwezo mmoja unaopimwa, kundi moja linalojulikana na muda unaojulikana. Kwa vitu ulivyotaja, mimi ningeandika: "Athari ya kuruka kamba mara tatu kwa wiki kwa wiki 10 katika uwezo wa pumzi wa wanafunzi wa Kidato cha Tatu." Kamba ni rahisi, haihitaji uwanja mzuri, na darasa zima linaruka kwa wakati mmoja. Kupima pumzi tumia mbio za kwenda na kurudi za mita 20, zile zinazofuata mlio. Kila wakikata mita 20 unahesabu safari moja, mlio unazidi kuharakisha kila baada ya dakika moja hivi, na mtoto akishindwa kuufikia mstari mara mbili mfululizo anatoka. Alama yake ni idadi ya safari alizomaliza.

Kasi_Mpya hakukosea kuhusu Cooper, ni kipimo halali na kimetumika tangu 1968. Shida ni kwamba dakika 12 ni mtihani wa kujipangia mwendo. Mtoto ambaye hajawahi kukimbia dakika 12 anaondoka kama anakimbizwa na nyuki, dakika ya nne anatembea. Novemba atakuwa amejifunza kujibana, atakwenda mbali zaidi na mapafu yake yako pale pale. Mbio za mlio zinampangia mwendo, kwa hiyo udhaifu huo unapungua ingawa hauishi. Fomula yenyewe achana nayo. Ilitokana na wanaume wa Jeshi la Anga la Marekani, na wewe unapima wasichana na wavulana wa miaka 15 au 16 wa Dodoma. Ukiandika "safari 35" umeandika ulichokiona. Ukiandika oksijeni, umeandika makisio juu ya makisio.

Jambo la mkondo wa pili ndilo ninaloomba ulisikilize kwa makini, maana hapo ndipo miradi mingi inapokufa.

Kati ya Julai na Novemba watoto wanakua, na hata bila kamba wangekimbia tofauti. Mabadiliko ya hewa nayo yanaingia. Julai asubuhi Dodoma kuna baridi ya kuvaa sweta, Novemba kabla ya mvua jua linachoma. Mtoto aliyeimarika anaweza kukimbia vibaya zaidi kwa sababu ya joto tu, na wewe ukaandika kwamba kamba haikusaidia. Mkondo B ukipimwa siku zile zile, saa zile zile, bila kamba, utakuonyesha muhula wenyewe umefanya nini. Kinachozidi hapo ndicho unachoweza kuanza kukizungumzia.

La pili, pima mara mbili mwanzoni. Fanya jaribio la kwanza, acha siku nne au tano, rudia kabla hujagawa hata kamba moja. Utashangaa. Wanafunzi watapanda bila zoezi lolote, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa hawajui kugeuka kwenye mstari, wengine walikuwa wanauwahi mlio kwa mbio kisha wanasimama kuusubiri. Mwanzo wako wa kweli ni jaribio la pili.

Baba Neema, karibu, lakini swali lako lina uzi wake. Kwa kifupi, anza kwa kutembea haraka, si kukimbia, na kiuno kitakuonyesha mabadiliko mapema kuliko mizani. Kabla ya hapo pima presha.

Tausi_Dom · 4 Julai

Asante sana mwalimu wangu. Hili la kupima mara mbili sikulisikia darasani. Nimeichukua mada hiyo. Swali: kamba nitazipata wapi za watoto 38, na ninaanza na dakika ngapi?

Mwl_Kipenga · 4 Julai

Nunua kamba ya manila kwa mita, ukate. Ya katani haizunguki vizuri, na ikigonga mguu inachubua. Urefu unaupata hivi: mtoto akanyage katikati ya kamba kwa mguu mmoja, ncha zote mbili zifike kwapani. Choma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Sio lazima ziwe 38, zikiwa 19 mmoja anaruka mwenzake anapumzika na kuhesabu, na muda wa kupumzika umejipanga wenyewe.

Wiki mbili za mwanzo sekunde 30 kuruka, sekunde 30 kupumzika, raundi 10. Wengi watakuwa wanajikwaa, na anayejikwaa haruki, kwa hiyo usitegemee pumzi katika wiki hizo, wanajifunza kamba tu. Kuanzia wiki ya tatu ongeza raundi polepole mpaka 15. Andika mahudhurio kila siku. Mtoto aliyekuja siku 12 kati ya 30 hakufanya mradi wako.

Kasi_Mpya · 4 Julai

Mwalimu nakubali kuhusu mwendo. Lakini kama shida ni kipimo, si angepima mapigo ya moyo wakiwa wamepumzika? Mtu akiwa fiti mapigo yanashuka. Hapo hakuna kugeuka wala vumbi.

Sista_Afya · 5 Julai

Mimi ni muuguzi. Ni kweli mapigo ya kupumzika hushuka mtu akizoea mazoezi ya pumzi. Lakini fikiria wanafunzi wanaojihesabia wenyewe shingoni kwa sekunde 15, kisha wanazidisha kwa 4. Akikosea pigo moja tu, jibu limekosewa kwa mapigo 4. Kwa wiki 10 mabadiliko yenyewe huenda yasizidi hapo. Na mtoto aliyepanda ngazi, aliyeogopa au aliyechelewa akakimbia getini, hajapumzika hata kama ameketi. Wodini tunamwacha mtu atulie kwanza, darasani sijui nani atakaa kimya dakika tano.

Ila mimi nimekuja kwa jambo jingine. Mbio hizi zinamfikisha mtoto mwisho wa uwezo wake. Kabla ya yote uliza nyumbani na kwa mwalimu wa afya: nani ana selimundu, nani ana pumu, nani ana tatizo la moyo, nani ametoka kuugua malaria wiki hii. Mwenye selimundu usimkimbize mpaka ashindwe, kabisa. Mpe kazi ya kuhesabu au kushika saa, awe sehemu ya mradi bila kuulizwa ulizwa mbele ya wenzake. Msichana akikwambia leo hakimbii, usimwulize kwa nini, mpangie siku nyingine. Maji yawepo kiwanjani, si bombani upande wa pili wa shule.

Tausi_Dom · 5 Julai

Nimeshapata wawili wenye pumu na mmoja mwenye selimundu. Huyo wa selimundu amefurahi sana kupewa daftari la matokeo. Wa pumu wana dawa zao za kuvuta, mmoja mama yake amesema akimbie ila dawa iwe mfukoni. Asante sista.

Mwalimu_Voi · 6 Julai

Hamjambo walimu. Mimi niko upande wa Kenya, Voi, nafundisha gredi ya saba na ya nane. Nataka kukuonya, Tausi, kuhusu huo mlio wenyewe, kwa sababu uliniharibia mradi wa muhula mzima.

Mwanzoni nilipakua faili la sauti kwa simu yangu, tukapima. Katikati ya muhula simu ikaanguka, kioo kikaisha. Mwishoni nikapakua tena kwa simu ya mwenzangu, tukapima. Darasa zima lilikuwa limepanda, hadi wale ambao hawakuwa wanafanya chochote. Nilifurahi siku mbili. Kisha nikaketi na kusikiliza faili zote mbili na saa mkononi. Hazikuwa kipimo kimoja. Moja ilianza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, nyingine kwa kilomita 8. Zote zinaitwa jina lile lile mtandaoni.

Namna ya kuzitambua ni rahisi. Pima muda wa safari saba za mwanzo. Ile ya 8.5 inachukua kama sekunde 59. Ile ya 8 inachukua sekunde 63, yaani sekunde 9 kamili kila safari. Weka faili moja, lihifadhi mahali pawili, na kila siku ya kupima lipime kwanza na saa. Angalia pia simu isiwe imewekwa kuharakisha sauti, kuna programu zinakumbuka mwendo uliotumia kusikiliza kitu kingine.

Mwl_Kipenga · 6 Julai

Hilo la Voi liandike ukutani. Nami naongeza la mstari. Pima kwa tepu, si kwa hatua za miguu. Mstari ukiwa pungufu kwa mita moja, mtoto anakimbia mita 19 kwa muda uliowekwa kwa mita 20, yaani mwendo umepungua kwa asilimia 5, na hiyo peke yake inaweza kuwa kubwa kuliko faida ya kamba. Chokaa ya Julai haitakuwepo Novemba. Piga vigingi vya chuma au vya mti vilivyozama ardhini kwenye pembe nne, ufukie vichwa visimkwaze mtu, uchore ramani kwenye daftari. Novemba utafukua na kuunganisha kwa kamba.

Na uandike nani alikimbia na raba na nani pekupeku. Mwisho wa muhula akimbie vile vile.

Tausi_Dom · 19 Julai

Nimerudi wakuu. Tumepima mara mbili, Jumatatu ya wiki iliyopita na Ijumaa yake, zote saa 1 asubuhi kabla ya vipindi. Mwalimu Kipenga uliyoyasema yametokea kama ulikuwepo.

Mkondo A wastani ulikuwa safari 31 siku ya kwanza, na 35 siku ya pili. Mkondo B ulikuwa 30 kisha 34. Hakuna aliyeshika kamba. Kuna kijana mmoja mrefu, siku ya kwanza alikuwa anageuka kwa kuzunguka kama daladala, anachora duara la hatua nne tano, akatoka kwenye safari ya 26. Ijumaa alikuwa amewaangalia wenzake, akawa anakanyaga mstari kwa mguu mmoja na kurudi. Alifika 37. Pumzi ni ile ile ya Jumatatu.

Nimeogopa kidogo. Kama mtoto mmoja anaweza kupanda safari 11 bila mazoezi, Novemba nitamwamini nani?

Hesabu_Wazi · 19 Julai

Mimi nafundisha hesabu, nimekuwa nasoma uzi huu kimya kimya. Hofu yako ni swali zuri na majibu unayo tayari mkononi.

Kwenye jedwali lako weka safu ya jaribio la kwanza, safu ya la pili, kisha safu D ya tofauti, la pili toa la kwanza. Wastani wa safu D ni kujifunza kipimo, yaani zile 4. Lakini si wote walipanda 4. Mwingine kapanda 11, mwingine kashuka 3. Huko kutawanyika ndiko kuyumba kwa kipimo chako. Kiasi chake kipate hivi, kama waliopimwa mara zote mbili ni 36:

```
=STDEV(D2:D37)
```

Tuambie umepata ngapi.

Tausi_Dom · 20 Julai

Imetoka 5.6. Ndiyo, wapo 36, wawili hawakuja Ijumaa.

Hesabu_Wazi · 20 Julai

Vizuri. Sasa zidisha kwa 2, unapata kama 11. Hiyo ndiyo kazi yake: mwanafunzi mmoja mmoja akibadilika chini ya safari 11 hivi, huna haki ya kusema ameimarika wala ameshuka. Inawezekana ni usingizi, chai au namna ya kugeuka. Usimwambie mzazi kwamba mwanawe amepanda kwa safari 6.

Kwa darasa zima hali ni tofauti. Aliyelala vibaya na aliyelala vizuri wanafutana. Ile 5.6 igawe kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, unabaki na chini ya safari moja. Kwa hiyo wastani wa darasa ukipanda safari 5 ni jambo la kuaminika, mtoto mmoja akipanda safari 5 si habari. Watu wengi wanachanganya hapo, wanaandika majina ya walioimarika kwa tofauti ndogo ndogo.

Kasi_Mpya · 20 Julai

Nimeelewa sasa. Ule mradi wangu wa chuoni nilipima mara moja tu mwanzoni. Kumbe sehemu kubwa ya nilichokiita mafanikio inaweza kuwa walikuwa wameshajua kukimbia dakika 12. Hilo la mkondo wa pili nalo nalikubali, nilikuwa nimelichukulia kirahisi.

Baba Neema · 2 Agosti

Mwalimu Kipenga, nilipima presha, ilikuwa juu. Daktari ameniambia nitembee kwanza dakika 30. Nashukuru kwa ushauri, ningekuwa nimeanza kukimbia.

Tausi_Dom · 14 Septemba

Taarifa ya katikati. Mahudhurio ya A ni mazuri Jumanne na Alhamisi kwa sababu ni kipindi. Siku ya tatu ni Ijumaa baada ya masomo, na hapo wanapungua, hasa wanaotoka mbali, maana wanatembea zaidi ya saa moja kufika nyumbani. Kamba mbili zimekatika. Wasichana wameuliza kama wanaweza kuvaa suruali ya traki chini ya sketi, mkuu wa shule amekubali, na tangu hapo wanaruka bila kushika nguo kwa mkono mmoja.

Watu wa mkondo B wananiuliza kila siku kamba zao ziko wapi. Nimewaahidi zitahamia kwao baada ya jaribio la mwisho.

Hesabu_Wazi · 14 Septemba

Tausi, ngoja. B wana kitu gani Ijumaa?

Tausi_Dom · 14 Septemba

Hawana. Wanaenda nyumbani.

Hesabu_Wazi · 14 Septemba

Basi A wanapata zoezi la ziada kila wiki, si kamba tu. Ukiona tofauti, hutajua kama ni kamba au ni ule muda wa ziada. Ungewapa B dakika zile zile za mchezo wa kawaida siku ya Ijumaa.

Mwl_Kipenga · 15 Septemba

Hapa sitakubaliana nawe moja kwa moja, ndugu yangu. Swali ambalo shule inauliza ni je, tukiongeza kamba kwenye ratiba kama hii, watoto wataimarika? Muda wa Ijumaa ni sehemu ya mpango. Kuwabakiza B shuleni Ijumaa, watoto wa kutwa wenye njaa, kwa ajili ya kusafisha hesabu yetu, mimi sioni kama ni haki. Aandike wazi kwamba A walipata siku ya ziada, na msomaji ajue.

Hesabu_Wazi · 15 Septemba

Kuandika wazi nakubali. Lakini basi mada isiseme "athari ya kuruka kamba". Iseme "athari ya programu ya kuruka kamba ikiwemo siku moja ya ziada". Ni maneno machache lakini yanabadilisha unachodai.

Tausi_Dom · 8 Novemba

Jamani tumemaliza, na kidogo liniharibikie.

Jaribio la mwisho lilipangwa Jumanne saa 1 asubuhi, mikondo yote, kabla ya mitihani ya kufunga mwaka. Vigingi vilikuwepo, tulifukua vyote vinne. Mlio niliupima, sekunde 59. Lakini wanafunzi tisa wa A walikuwa wamechukuliwa kusafisha ukumbi wa mitihani, wakarudi saa 5 na nusu. Kwa haraka yangu nikawakimbiza saa 6 mchana. Vumbi linapanda, jua liko juu ya kichwa. Msichana mmoja ambaye Julai alifanya 40, na ambaye hakukosa hata siku moja ya kamba, alitoka kwenye safari ya 28, akakaa chini ya mwarobaini akishika kiuno. Nilisimamisha hapo hapo, nikawapa maji, nikajua nimekosea.

Ijumaa saa 1 asubuhi niliwarudia. Yule msichana alifika 45.

Hesabu_Wazi · 8 Novemba

Uliwarudia wote tisa au waliofanya vibaya tu?

Tausi_Dom · 8 Novemba

Wote tisa. Wawili kati yao walikuwa wamefanya vizuri hata mchana ule, nao walirudia, na mmoja alishuka safari mbili. Nimeandika ya Ijumaa kwa wote, na nimeeleza kwenye ripoti.

Hesabu_Wazi · 8 Novemba

Hapo umeokoka. Ungewarudia walioshuka peke yao, ungekuwa unachagua matokeo. Sasa namba.

Tausi_Dom · 9 Novemba

Waliofanya majaribio yote matatu ni 33 kwa A na 31 kwa B. Wa A waliopungua: mmoja kahama, wawili waliugua, wawili hawakuja siku ya mwisho.

Mkondo A: 31, kisha 35, kisha 42.
Mkondo B: 30, kisha 34, kisha 36.

Ningefuata njia niliyokuwa nayo Julai ningeandika kwamba kamba imeongeza safari 11, kutoka 31 hadi 42. Nikianzia jaribio la pili ni safari 7. Nikitoa zile 2 ambazo B walipanda bila kamba, zinabaki 5. Kwa mtoto mmoja mmoja, waliovuka ile alama ya 11 ni saba tu, na sita kati yao walihudhuria siku 25 au zaidi.

Kuandika 5 badala ya 11 kuliniuma usiku mmoja. Lakini zile 5 naweza kuzitetea mbele ya mtu yeyote.

Mwl_Kipenga · 9 Novemba

Tano kwa wiki 10 kwa watoto wa umri huo ni nzuri, mwanangu. Vijana hawapandi pumzi kama mtu mzima aliyekuwa hafanyi kitu, hasa wa shule ya kutwa ambao tayari wanatembea saa nzima kila asubuhi. Ungeniletea 11 ningekuuliza maswali.

Nikuulize moja ambalo wasimamizi hupenda: hao watano waliopungua, walikuwa wakimbiaji wazuri au dhaifu Julai?

Tausi_Dom · 9 Novemba

Nimeangalia. Watatu walikuwa chini ya wastani.

Mwl_Kipenga · 9 Novemba

Basi wastani wa kuanzia, ile 35, uwe wa wale 33 peke yao, si wa wote waliopimwa Julai. La sivyo darasa limepanda kwa kuwa dhaifu wameondoka.

Tausi_Dom · 9 Novemba

Ndivyo nilivyofanya, namba zote tatu ni za watu wale wale 33. Ila wawili ambao hawakuja siku ya mwisho nadhani walikwepa, wanaogopa kutoka mapema mbele ya wenzao. Hili sijui niliandikeje.

Sista_Afya · 10 Novemba

Liandike hivyo hivyo, bila majina. Na mwakani wakimbize kwa makundi ya watu wanane wenye uwezo unaofanana, asiwepo anayeonekana ametoka peke yake dakika ya pili.

Hesabu_Wazi · 10 Novemba

Mimi bado nashikilia ile siku ya Ijumaa. Zile 5 sijui ngapi ni za kamba na ngapi ni za kubaki shuleni kufanya mazoezi.

Mwl_Kipenga · 10 Novemba

Nami bado nasema B hawakustahili kushikiliwa. Tumeachia hapo, kila mtu na yake.

Mwalimu_Voi · 12 Novemba

Hongera Tausi. Mwaka ujao nataka kurudia yako huku kwetu, lakini uwanja wangu mpya una mita 17 tu kati ya ukuta na mtaro. Nikikata mita 15 inakubalika?

Mwl_Kipenga · 12 Novemba

Inakubalika, ila tafuta mlio uliotengenezwa kwa mita 15, usitumie wa mita 20. Wanageuka mara nyingi zaidi, kwa hiyo safari zako usizilinganishe na za Tausi, zilinganishe na zako mwenyewe za mwanzo. Na acha nafasi kabla ya ukuta. Weka zile mita 15 katikati ili kila upande ubaki na mita moja, na kwa kuwa mita moja peke yake haitoshi kwa kijana anayekuja mbio, funga magunia ya majani ukutani.

Tausi_Dom · 13 Novemba

Kamba 17 zilizobaki nimezikabidhi mkondo B leo. Wameanza saa hiyo hiyo, hawakusubiri filimbi.